Kwa nini tangi hufurika huku kidhibiti kikifanya kazi

Skrini ilisema asilimia 100. Kwa namba hiyo, valvu ya kutolea maji kwenye tangi la kondenseti ilikuwa wazi kabisa. Lakini maji ya moto yalikuwa yakimwagika ukingoni mwa tangi, yakitambaa sakafuni kuelekea mfereji, na opareta wa zamu alikuwa ameshampigia simu fundi wa pampu kumwambia kwamba pampu imechoka. Nilikuwa na mwaka mmoja na kitu tangu nianze kazi ya ufundi wa vipimo na udhibiti, katika kiwanda ambacho sitakitaja. Pampu ilikuwa nzima. Kipimo cha kina kilikuwa sahihi. Kidhibiti nacho kilikuwa kizima, tena kilikuwa kinajituma kwa nguvu zake zote. Ila kila kilipoona maji yanapanda, kilizidi kuifunga njia ya kutokea.

Kosa la namna hii lina chanzo kidogo sana, tiki moja kwenye skrini au springi iliyowekwa upande usio wake, na ndiyo maana watu hulitafuta kila mahali isipokuwa pale lilipo. Nataka nilieleze kwa kutumia tangi lile lile, kwa sababu tangi moja lenye valvu moja linatosha kuonyesha jambo zima.

Tangi lenyewe ni la kawaida. Mvuke ukishafanya kazi kwenye mashine hupoa, hurudi kuwa maji, na maji hayo ya moto, ambayo ndiyo kondenseti, hurudishwa kwenye tangi hili kabla ya kupelekwa tena kwenye boila. Yanaingia yenyewe kutoka kiwandani, kwa kiasi ambacho sisi hatukitawali. Chini ya tangi kuna pampu, na mbele ya pampu kuna valvu. Ubavuni kuna transmita inayopima kina cha maji na kupeleka ishara ya miliampea 4 tangi likiwa tupu na miliampea 20 likiwa limejaa. Kidhibiti husoma ishara hiyo, hulinganisha na lengo tuliloliweka, yaani nusu ya tangi, kisha hutoa amri kwa valvu: fungua zaidi, au funga kidogo. Valvu inabadilisha kina, kina kinabadilisha kipimo, kipimo kinabadilisha amri, na amri inairudia valvu. Ndiyo maana tunauita mzunguko.

Sasa kidhibiti hakijui chochote kuhusu mabomba. Hakijui kama valvu iko upande wa kuingiza maji au wa kuyatoa. Kinachojua ni namba mbili, kipimo na lengo, na kinachotoa ni namba ya tatu, amri. Kipimo kikipanda juu ya lengo, kinapaswa kuongeza amri au kuipunguza? Swali hilo hakiwezi kulijibu chenyewe. Lazima mtu akijibie, na jibu hilo ndilo linaloitwa mwelekeo wa kidhibiti.

Kidhibiti cha mwelekeo sawa ni kile ambacho kipimo kikipanda, nacho huongeza amri. Vinapanda pamoja na kushuka pamoja. Kwenye skrini nyingi utalikuta neno `Direct`. Kidhibiti cha mwelekeo kinyume ni kile ambacho kipimo kikipanda, chenyewe hupunguza amri, na skrini huandika `Reverse`. Kihesabu, tofauti yote ni kipi kinatolewa kwenye kipi:

```
Direct:   OUT = B + Kc * (PV - SP)
Reverse:  OUT = B + Kc * (SP - PV)
```

Hapo `PV` ni kipimo, `SP` ni lengo, `OUT` ni amri, `B` ni amri ya kuanzia wakati kipimo kiko sawasawa na lengo, na `Kc` ni ukali wa kidhibiti, yaani kila asilimia moja ya kukosea lengo inazaa asilimia ngapi za amri. Nimeacha sehemu nyingine za kidhibiti zinazojumlisha makosa ya nyuma na kutazama kasi, kwa sababu mwelekeo ukikosewa, nazo hukosea upande huo huo.

Mfano wa mwelekeo kinyume uko karibu na kila mtu. Ni boya la tangi la choo. Maji yakipanda, boya linapanda na mkono wake unabana njia ya kuingizia maji. Kipimo juu, ufunguzi chini. Aliyelitengeneza hakuchagua hivyo kwa mazoea. Valvu iko kwenye kuingia, kwa hiyo ni lazima ijifunge maji yakishatosha. Ukichukua boya hilo hilo na mkono huo huo ukaufunga kwenye bomba la kutolea maji, utapata tangi linalozidi kufungwa tundu lake kadiri linavyojaa. Tangi letu la kondenseti lina valvu kwenye kutoka. Maji yakizidi, tunataka ifunguke zaidi. Likihitaji kutunza maji, tunataka ijifunge. Kwa hiyo kidhibiti chake, ikiwa amri kubwa maana yake ni kufungua, ni lazima kiwe cha mwelekeo sawa.

Wengi wakifika hapo huhitimisha kwamba valvu ya kuingiza ni kinyume na ya kutoa ni sawa, wakakariri na kuondoka. Kariri hiyo ndiyo iliyotufurishia tangi, maana maneno «ikiwa amri kubwa maana yake ni kufungua» si madogo.

Valvu nyingi za viwandani husukumwa na hewa. Juu yake kuna kichwa cha bati chenye kiwambo cha mpira ndani, na springi. Hewa inasukuma upande mmoja, springi inarudisha upande mwingine. Kuna vichwa ambavyo hewa hufungua na springi hufunga. Hewa ikikatika, valvu inajifunga. Na kuna vichwa ambavyo hewa hufunga na springi hufungua. Hewa ikikatika, valvu inabaki wazi. Uchaguzi kati ya hivi viwili hauhusiani na udhibiti hata kidogo. Unafanywa kwa usalama: kompresa ikizima usiku, ungependa valvu hii ibaki wapi? Ya mafuta ya boila ungependa ijifunge. Ya maji ya kupoza mtambo ungependa ibaki wazi. Ukishaamua hilo, ndipo unarudi kwenye kidhibiti na kukichagulia mwelekeo unaolingana. Anayeanza na kidhibiti na kuiacha valvu ijipange baadaye amegeuza mpangilio wa kazi.

Njia ya kuwaza ambayo haijawahi kuniangusha ni kuupa kila kituo cha mzunguko alama ya jumlisha au toa. Valvu ambayo amri kubwa huifungua ni jumlisha. Ambayo amri kubwa huifunga ni toa. Tangi ambalo kufungua valvu hupandisha maji ni jumlisha. Ambalo kufungua valvu hushusha maji ni toa. Kidhibiti cha mwelekeo sawa ni jumlisha, cha mwelekeo kinyume ni toa. Transmita kwa kawaida ni jumlisha. Sasa zidisha alama zote kuuzunguka mzunguko. Jibu ni lazima liwe toa. Likiwa toa, kila msukosuko unaporudi pale ulipoanzia unarudi ukiwa umegeuzwa upande, na kwa hiyo unajipunguza. Likiwa jumlisha, unarudi ukiwa upande ule ule ulioanzia, na kwa hiyo unajiongeza. Kwenye tangi letu la awali, valvu ni jumlisha, tangi ni toa, kidhibiti jumlisha, na jibu ni toa. Salama. Badilisha kichwa cha valvu kiwe cha hewa kufunga, usiguse kingine chochote, na jibu linakuwa jumlisha.

Tuutazame mzunguko huo ukikimbia, kwa namba nilizozilainisha kidogo ili hesabu iwe nyepesi. Tangi lina kitako cha mita za mraba 2 na urefu wa mita 2, hivyo likijaa lina lita 4,000, na kila asilimia moja ya kina ni lita 40. Kondenseti inaingia lita 10,000 kwa saa, yaani kama lita 167 kwa dakika. Valvu ikiwa wazi kabisa, pampu inatoa lita 20,000 kwa saa, kwa hiyo valvu ikiwa nusu, kinachotoka kinalingana na kinachoingia. Kina kiko asilimia 50, lengo ni asilimia 50, valvu iko asilimia 50. Ukali wa kidhibiti ni 2. Kila kitu kimetulia.

Mashine moja kiwandani inawashwa, na kondenseti inaongezeka kwa lita 20 tu kwa dakika. Hizo ni nusu ya asilimia ya tangi kila dakika.

Kidhibiti chenye mwelekeo sahihi kinaona maji yamepanda asilimia moja, kinaifungua valvu asilimia mbili zaidi. Yanapanda tena kidogo, kinaifungua tena. Kadiri valvu inavyofunguka, mwendo wa kupanda unapungua, na baada ya kama dakika 20 maji yametulia karibu na asilimia 53 valvu ikiwa asilimia 56. Asilimia hizo 3 za ziada zinabaki kwa sababu tumetumia ukali peke yake. Ile sehemu ya kidhibiti inayojumlisha makosa ya nyuma ndiyo ingeziondoa taratibu. Hakuna ambaye angejua kwamba kuna mashine imewashwa.

Sasa mwelekeo ukiwa umekosewa. Maji yanapanda asilimia moja, na valvu inajifunga asilimia mbili. Kwa hiyo sasa maji yanapanda haraka kuliko mwanzo, jambo linaloifunga valvu haraka zaidi, jambo linaloyapandisha maji haraka zaidi. Dakika 5 baada ya mashine kuwashwa, kina ni asilimia 54 na valvu imeshuka hadi 42. Kwa opareta hilo halitishi, maana tangi hupanda na kushuka kila siku. Dakika ya 10, kina ni 63 na valvu ni 24. Dakika ya 13 na nusu hivi, kina ni 75 na valvu imefungwa kabisa. Kuanzia hapo hakuna linalotoka, lita zote 187 kwa dakika zinabaki ndani, na kabla ya dakika ya 19 kuisha maji yanamwagika ukingoni.

Linganisha na hali ya kukosa kidhibiti kabisa. Kama tungeiacha valvu imekaa asilimia 50 bila kuguswa na mtu yeyote, zile lita 20 za ziada zingejaza nusu ya tangi iliyobaki kwa dakika 100. Kidhibiti chenye mwelekeo mbaya kimelifurisha tangi kwa chini ya dakika 19. Mara tano kwa haraka, kwa msukosuko mdogo ambao tangi lenyewe lingeuvumilia zaidi ya saa nzima na nusu. Ndiyo maana hata siku moja sikubali kusikia kwamba kidhibiti kilichokosewa mwelekeo «hakifanyi kazi». Kinafanya kazi sana.

Na kingeenda upande wa pili kwa urahisi huo huo. Kama mashine ingezimwa badala ya kuwashwa, kondenseti ikapungua kwa lita 20, maji yangeshuka kidogo, valvu ingefunguka, maji yangeshuka zaidi, na katika dakika zile zile tangi lingekauka na pampu ikazunguka bila maji. Mzunguko wa aina hii hauchagui juu wala chini. Unaondoka kuelekea upande wowote wa msukumo wa kwanza, mfano wa chungwa ulilolisimamisha juu ya chungwa jingine.

Mfano huo wa machungwa unaeleza pia jambo linalowachanganya wanaowasha mtambo mpya. Ukiweka kidhibiti kwenye `AUTO`, yaani kiendeshe valvu chenyewe, wakati kina kiko sawasawa na lengo na maji yanayoingia yanalingana na yanayotoka, mwelekeo mbaya hautaonekana papo hapo. Kosa ni sifuri, na sifuri ukiizidisha kwa ukali wowote, upande wowote, ni sifuri. Skrini inatulia. Watu wanapeana mikono, wanakwenda kunywa chai. Katika kisa chetu opareta aliweka `AUTO` asubuhi, na mzunguko ukakaa kimya mpaka uzalishaji ulipobadilika.

Basi turudi pale sakafuni. Siku iliyotangulia, kiwambo cha valvu kilikuwa kimepasuka. Fundi wa matengenezo, mtu makini wa siku zote, alikwenda stoo akachukua kichwa kingine cha kampuni ile ile, ukubwa ule ule, rangi ile ile. Kilichokuwepo kilikuwa cha hewa kufungua. Alichokipata kilikuwa cha hewa kufunga. Tofauti ilikuwa ndani, ambako springi hukaa, na kwenye herufi chache za kibati kilichochakaa. Valvu ikafungwa mahali pake, ikajaribiwa kwa hewa, ikapanda na kushuka vizuri bila kukwama. Hakuna aliyeuliza inapanda ikielekea wapi.

Kwa hiyo maji yalipopanda, kidhibiti kiliongeza amri kama kilivyofundishwa, na hewa ikaifunga valvu. Amri ikafika 100 na ikabaki pale. Hapa ndipo skrini ilipotupoteza sote, kwa kuwa namba ya amri si namba ya valvu. Inasema kidhibiti kimeomba nini. Haisemi valvu imefanya nini. Opareta aliona 100, akasoma «wazi kabisa», na kwa usomaji huo lawama ilibaki kwa pampu peke yake. Walikagua chujio la pampu. Walisikiliza beringi.

Nami kwa upande wangu niliwaza kwamba kidhibiti kimekuwa kikali mno. Nilipunguza ukali kutoka 2 hadi 1 na tukajaribu upya. Tangi lilijaa tena, polepole zaidi. Nikapunguza hadi 0.5. Likajaa tena, polepole zaidi ya hapo. Ukichukua namba za mfano wetu, ukali wa 2 unafurisha kwa dakika 19, ukali wa 1 kwa dakika 27, ukali wa 0.5 kwa karibu dakika 40. Kila hatua ilinipa matumaini ya uongo, maana kila mara mambo yalionekana kuwa afadhali. Hilo lenyewe lilikuwa jibu, ila sikujua kulisoma. Mzunguko ambao tatizo lake ni ukali uliozidi huyumba: unapanda, unapita lengo, unashuka, unapita tena, na ukipunguza ukali mayumbo yanakufa. Mzunguko ambao tatizo lake ni mwelekeo hauyumbi. Unaondoka upande mmoja, mstari wake kwenye chati ukizidi kuinama kama unaokimbizwa, unafika mwisho na unabaki huko, amri nayo imejibana kwenye 0 au 100. Ukipunguza ukali unachelewa tu kufika. Ukiiona chati ya namna hiyo, acha kugusa ukali.

Aliyelitatua alikuwa mzee wa zamu ya pili, ambaye tulimwita Mzee bila jina. Hakukaa kwenye kompyuta. Alikwenda hadi kwenye valvu akainama kutazama kile kishale kidogo kinachopanda na kushuka pamoja na fimbo ya valvu, kikiwa kando ya kibao chenye alama. Akaniita.

«Kijana, huko juu mnasema iko ngapi?»

«Mia, Mzee.»

«Huku iko sifuri.»

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya dakika chache, lakini hizo dakika zilikuwa na mtego wake. Nilitaka kwenda kwenye kidhibiti na kubadili `Direct` kuwa `Reverse`. Kihesabu ingetosha: valvu imekuwa toa, tangi ni toa, kidhibiti kikawa toa, jibu ni toa. Tangi lingetulia. Mzee alinikatalia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba namba 100 kwenye skrini ingeendelea kumaanisha «imefungwa», na opareta anayeendesha kwa mkono usiku wa manane, akitaka kufungua, angeandika namba kubwa na kuifunga. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Kile kichwa kipya kilikuwa kimebadilisha usalama wa tangi. Hewa ikikatika, valvu ingebaki wazi, tangi lingekauka na pampu ingezunguka bila maji. Mbunifu alichagua kichwa kinachojifunga, na sisi hatukuwa na sababu ya kumpinga. Tuliendesha kwa mkono hadi kichwa sahihi kilipopatikana, kidhibiti kikabaki `Direct` kama kilivyokuwa.

Pale ambapo valvu ya hewa kufunga ndiyo hasa inayotakiwa, mahali pazuri pa kugeuza alama ni kwenye njia ya kutokea ishara, baada ya kidhibiti, ili kwenye skrini 100 ibaki kumaanisha wazi. Mifumo inayofuata utaratibu wa Foundation Fieldbus ina chaguo lililoandikwa `Increase to Close` kwa kazi hiyo. Ni chaguo jema, na pia ni mahali pengine pa kujificha kosa. Nimewahi kukuta mzunguko ambao watu wawili waliurekebisha siku moja bila kuambiana: mmoja aligeuza kidhibiti, mwingine akageuza kifaa kinachopanga nafasi ya valvu. Toa mara toa ni jumlisha. Wakarudi palepale walipoanzia, kila mmoja akiwa na hakika kwamba upande wake ameshautengeneza. Tangu hapo, kabla ya kugeuza chochote, huwa naandika alama ya kila kituo kwenye karatasi, na nageuza kimoja tu.

Majina kwenye skrini nayo hayafanani. Kwenye Logix, mfumo wa udhibiti wa Rockwell, kizuizi cha PID, yaani kipande cha programu kinachofanya hesabu ya kidhibiti, kinakuuliza moja kwa moja kama kosa ni `PV-SP` au `SP-PV`, na kwangu huo ndio uandishi wa haki kuliko wote, kwa sababu hauachi nafasi ya kubishana juu ya maneno. Kwenye PID_Compact ya Siemens kuna kisanduku kilichoandikwa `Invert control logic`. Kikiwa tupu, kidhibiti ni cha mwelekeo kinyume, kama wa kupasha joto, na kwa valvu ya kutolea kama yetu ni lazima ukitie tiki. Tena kuna watu wanaotumia maneno haya haya kuuelezea mtambo badala ya kidhibiti, wakisema «mtambo huu ni wa mwelekeo sawa» wakimaanisha kwamba kufungua valvu kunapandisha kipimo. Mtambo wa namna hiyo unahitaji kidhibiti cha mwelekeo kinyume. Watu wawili wanaweza kukubaliana kwa neno na wakaweka vitu viwili vilivyopingana.

Kwa sababu hiyo siamini jina, wala mchoro, wala kibati. Naamini jaribio, na lenyewe ni jepesi. Weka kidhibiti kwenye `MAN`, yaani uendeshe kwa mkono, wakati kina kimetulia. Ongeza amri kwa asilimia 5 na usubiri. Kwa tangi letu, asilimia 5 ni kama lita 17 kwa dakika, hivyo ndani ya dakika 3 kina kitasogea zaidi kidogo ya asilimia moja, kiasi cha kuonekana bila kuhatarisha kitu. Kisha punguza asilimia 10, ili amri iwe 5 chini ya ilipoanzia, uone kina kinageuka. Hatua hii ya pili usiiruke, kwa kuwa inawezekana kilichosogeza maji mara ya kwanza ni mashine iliyowashwa wakati huo huo na wala si mkono wako. Ukiongeza amri na kipimo kikashuka, unahitaji `Direct`. Ukiongeza amri na kipimo kikapanda, unahitaji `Reverse`. Ubora wa jaribio hili ni kwamba linaanzia kwenye namba ya skrini na kuishia kwenye namba ya skrini, kwa hiyo limepitia kichwa cha valvu, springi, waya, tangi na transmita, vyote kwa pamoja, hata vile usivyokumbuka kuvikagua.

Ukishaweka `AUTO`, sogeza lengo juu kwa asilimia 2 na utazame amri inaanza kwenda wapi. Kwa valvu ya kutolea, lengo la juu maana yake tunataka maji zaidi tangini, kwa hiyo valvu inapaswa kujifunga kidogo. Ikianza kufunguka, rudi `MAN` mara moja. Una muda wa kutosha, maana mkimbio huanza polepole.

Kuna hali mbili ambazo jaribio linahitaji subira. Ya kwanza ni ngoma ya boila, yaani chombo ambamo maji na mvuke hutengana. Ukiongeza maji ya kulisha ambayo ni baridi kuliko yaliyomo, mapovu ya mvuke ndani ya ngoma yanasinyaa, na kina kinashuka kwanza kabla ya kupanda. Anayetazama sekunde za mwanzo tu atasema kuongeza maji kunashusha kina, atageuza mwelekeo, na atakuwa amejitengenezea boila inayonyimwa maji inapoyahitaji. Subiri hadi uone kina kinaelekea wapi baada ya mapovu kutulia.

Ya pili ni tangi linalojitoa kwa uzito wa maji, bila pampu. Hapo maji yakipanda, yenyewe yanajisukuma nje kwa nguvu zaidi, na tabia hiyo hulituliza tangi hata bila kidhibiti. Ukiwa na ukali mdogo, tabia hiyo inaweza kukishinda kidhibiti kilichokosewa mwelekeo: maji hayakimbii, yanatulia, lakini yanatulia mbali na lengo kuliko yangetulia kama kidhibiti kingezimwa. Watu huliona, husema kidhibiti kina uvivu, na huwasha ile sehemu inayojumlisha makosa ili kikokote hadi lengo. Siku hiyo ndipo tangi linapokimbia, na kwa kuwa limekuwa likifanya kazi miezi kadhaa, kila mtu hulaumu mabadiliko ya jana.